Tarehe 7 mwezi wa 8, au tarehe 8 mwezi wa 7?

Mwalimu wa sekondari mjini Morogoro ameomba nafasi ya shahada ya pili katika chuo kimoja kilicho Pennsylvania, Marekani. Mwishoni mwa Juni anapata barua pepe: usaili wake utafanyika kwa video tarehe 07/08/2026, saa 9:00 AM. Anahesabu, anakuta ana wiki sita na siku kadhaa za kujiandaa. Anaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, anaazima kompyuta yenye kamera nzuri, anaelewana na jirani mwenye intaneti ya uhakika. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti anakaa mbele ya skrini, shati limenyooshwa, na kiungo alichotumiwa hakifunguki. Anapoandika kuuliza anajibiwa kwa adabu kwamba jopo lilimngoja Jumatano ya tarehe 8 Julai, hakutokea, na orodha imeshafungwa.

Kisa hiki nimekitunga, ila hakuna kipande chake kisichowezekana. Ukiwaweka mwalimu na karani wa chuo meza moja, kila mmoja atakuonyesha kwamba alifuata kanuni aliyofundishwa tangu darasa la tatu. Karani aliandika mwezi kwanza, kama wanavyoandika Wamarekani. Mwalimu alisoma siku kwanza, kama wanavyosoma Watanzania na Wakenya, na watu wa nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Ghuba. Tarehe yenyewe haikubeba alama yoyote ya kusema ni ya kanuni gani.

Mpangilio wa kuandika hufuata ulimi. Sisi tukiulizwa miadi ni lini tunajibu "tarehe nane mwezi wa saba", na mkono unaandika 8/7 kwa mfuatano huohuo. Mmarekani akiulizwa hutaja mwezi halafu siku, na mkono wake unaandika 7/8. Hata waraka wao wa kutangaza uhuru umeandikwa hivyo, Julai ikitangulia 4, kisha 1776. (Sikukuu yenyewe huitwa kwa kutanguliza siku, lakini mila haiulizwi sababu.) Wajapani na Wachina nao huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kanada ndiyo yenye mtihani zaidi, kwa sababu humo utakutana na mipangilio yote mitatu, na kujua barua imetoka Kanada hakukusaidii kuisoma.

Ukitaka kuona tatizo linapoanzia na linapokomea, chukua tarehe za historia yetu umpe Mmarekani asiyeijua. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, 26/4/1964: ataisoma sawasawa, maana hakuna mwezi wa 26, kwa hiyo namba kubwa lazima iwe siku. Uhuru wa Tanganyika, 9/12/1961: ataupeleka Septemba 12. Mapinduzi ya Zanzibar, 12/1/1964: atayasogeza hadi Desemba mosi ya mwaka huo, karibu miezi 11 baadaye, na kwa hesabu yake Muungano utakuwa umetangulia Mapinduzi. Sabasaba na Nanenane atazipata bila shida, kwa kuwa 7/7 na 8/8 hazina mbele wala nyuma.

Hapo ndipo hesabu yote ilipo. Siku ya kwanza hadi ya 12 za kila mwezi ndizo zinazoweza kujifanya mwezi. Miezi 12 mara siku 12 ni tarehe 144. Toa zile 12 zenye namba pacha, kama Sabasaba, zinabaki 132. Zaidi ya theluthi moja ya mwaka, basi, ina tarehe ambazo ukiziandika kwa tarakimu tupu zina maana mbili, na zote mbili ni siku halali kabisa katika kalenda.

Theluthi mbili zilizobaki ndizo zinazotulaza usingizi. Ofisi inaweza kutuma barua za miadi za tarehe 15, 20 na 28, mwezi baada ya mwezi, bila mtu kulalamika, kwa sababu kila msomaji anaona namba iliyozidi 12 na kujirekebisha bila hata kujua kwamba amejirekebisha. Karani anaamini mtindo wake umethibitika. Kisha inakuja wiki ya kwanza ya mwezi, na mtu mmoja hatokei. Ofisi huandika "hakufika", na habari inaishia hapo, kwa kuwa aliyekosa miadi naye huona aibu, akidhani alisahau.

Kosa hili lina upande wake mbaya na upande wake wa afadhali, na kuujua kunasaidia. Mwalimu wetu aliandikiwa 07/08. Namba ya kwanza ni ndogo kuliko ya pili. Kwa mtu aliyezoea siku kwanza, tarehe ya namna hiyo iliyoandikwa Kimarekani daima itaonekana iko mbele kuliko ilivyo: yeye ataiweka Agosti wakati ni Julai, na siku atakayojitokeza miadi itakuwa imepita. Kama barua ingesema 08/07, mambo yangegeuka. Chuo kingemaanisha tarehe 7 Agosti, mwalimu angekaa tayari tarehe 8 Julai, angekuta kimya, angeuliza, angeambiwa arudi mwezi ujao. Angepoteza asubuhi moja. Kwa hiyo ukipokea tarehe kutoka Marekani na huna namna ya kuuliza kwa haraka, jiandae kwa ile iliyo karibu zaidi kati ya hizo mbili. Aliyewahi atapewa kiti asubiri. Aliyechelewa mwezi mzima hana la kusubiri.

Mara nyingi, hata hivyo, barua yenyewe ina jibu ndani yake. Mtafute mwandishi mahali alipoandika siku iliyozidi 12. Barua ya mwalimu ilikuwa na mstari mdogo juu, ule ambao hakuna mtu anayeusoma, unaosema maombi yalipokelewa 06/23/2026. Mwezi wa 23 haupo. Basi mwandishi huyu, au mashine yake, hutanguliza mwezi, na 07/08 ni Julai 8. Tarehe ya mwisho ya kulipa ada, tarehe ya kutolewa kwa barua, tarehe chini ya sahihi: yoyote yenye namba kubwa inakufungulia nyingine zote za waraka huohuo. Fomu za idara ya uhamiaji ya Marekani hukurahisishia, maana pembeni ya kisanduku huandikwa mm/dd/yyyy, yaani mwezi tarakimu mbili, siku tarakimu mbili, mwaka tarakimu nne. Wanaojaza kwa haraka huruka maandishi hayo madogo, na mtoto aliyezaliwa 5/11 anaingia kwenye kumbukumbu kama mtoto wa Mei 11.

Mpaka hapa nimezungumza kama vile tatizo linatoka ng'ambo tu. Sivyo. Ni jambo la kawaida kukuta kompyuta ya ofisi ya Arusha, Mombasa au Bujumbura ikiwa imewekwa Kiingereza cha Marekani tangu ilipotoka dukani, na hakuna aliyewahi kuigusa mipangilio hiyo. Anayeitumia ni mtu wa siku kwanza, mashine ni ya mwezi kwanza, na wawili hao hawajaambizana.

Tuingie katika kliniki ya meno, tumkalie pembeni karani anayeingiza miadi ya Juni kwenye Excel. Safu ya A ni ya tarehe. Anaandika 9/6/2026, anabonyeza Enter. Kwenye seli panasomeka 9/6/2026, vilevile alivyoandika. Anaandika 11/6/2026, nayo inasomeka hivyohivyo. Kisha 16/6/2026, kisha 2/7/2026. Anatazama safu yake, ameridhika, anahifadhi.

Ndani ya jedwali kilichotokea ni kingine. Excel haihifadhi tarehe kama maandishi. Huigeuza kuwa idadi ya siku zinazohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900, na kinachoonekana kwenye skrini ni vazi tu la namba hiyo. Kwa mipangilio ya Marekani, 9/6/2026 imehifadhiwa kama 46271, ambayo ni Septemba 6. Tarehe 9 Juni ingekuwa 46182. Mgonjwa amesogezwa siku 89, na skrini inaendelea kumwonyesha karani tarakimu zilezile alizoziandika. Ya pili, 11/6, imekuwa Novemba 6. Ya nne, 2/7, imerudi nyuma hadi Februari 7. Ya tatu, 16/6, Excel imeshindwa kuielewa kwa sababu haijui mwezi wa 16, ikaiacha kama maneno ya kawaida, sawa na jina la mtu.

Makosa yaliyofichika hivi yana dalili, ukijua pa kutazama. Ya kwanza ni mahali tarehe zilipolalia. Kama hakuna aliyechezea mpangilio wa seli, namba hukaa upande wa kulia na maneno upande wa kushoto. Katika safu ya karani wetu, 9/6, 11/6 na 2/7 zitakuwa zimeegemea kulia, na 16/6 peke yake imeegemea kushoto. Safu ya tarehe iliyopinda hivyo, nyingine huku na nyingine kule, imeshaharibika, na zinazoonekana nzima upande wa kulia ndizo za kuogopa zaidi. Dalili ya pili hutokea ukipanga orodha kuanzia tarehe ya zamani: mgonjwa wa Julai anapanda juu kabisa, kwa vile mashine inamjua kama wa Februari. Ya tatu huipata anayeongeza wiki moja kwa ajili ya marudio. Akiandika =A2+7 akitegemea 16/6/2026, anapata 9/13/2026. Akijaribu hivyo kwenye ile ya 16/6 anapata #VALUE!, kwa sababu neno haliongezwi saba.

Kipimo cha uhakika ni kuilazimisha seli itaje mwezi kwa jina. Kwenye safu tupu ya pembeni andika:

```
=TEXT(A2,"dddd d mmmm yyyy")
```

Kwa mgonjwa wa kwanza itatoka Sunday 6 September 2026. Jumapili, kliniki imefungwa. Hapo hata asiyejua chochote kuhusu Excel anaona kwamba kuna jambo.

Kutibu safu iliyokwisha kuharibika ni kazi ya subira, na nawaonya wale wanaokimbilia kubadili mipangilio ya kompyuta wakidhani tarehe zitajirekebisha. Ukienda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Region, ukaweka English (United Kingdom) au ya nchi inayotanguliza siku, Septemba 6 itabaki Septemba 6. Kitakachobadilika ni vazi, sasa itasomeka 06/09/2026. Angalau kosa limejitokeza hadharani, lakini mgonjwa bado amewekwa Septemba. Lililo salama ni kurudi kwenye daftari au kadi za wagonjwa na kuziandika upya tarehe hizo, safari hii kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku: 2026-06-09. Tarehe iliyoandikwa hivyo Excel huielewa kwa namna moja, mashine iwe imewekwa Kimarekani au Kiingereza. Ukishaiingiza inaweza kukuonyesha kwa vazi jingine, usishtuke. Namba iliyo ndani ni 46182, nayo ndiyo unayoihitaji.

Mtindo huo una jina na umri. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, liliutoa mwaka 1988 kama kanuni namba 8601: mwaka kwa tarakimu nne, kistari, mwezi kwa tarakimu mbili, kistari, siku kwa tarakimu mbili. Faida yake ya kwanza ni kwamba hakuna jamii kubwa iliyozoea kuandika mwaka, siku, kisha mwezi, kwa hiyo anayeuona mwaka mbele anajua kinachofuata ni mwezi. Faida nyingine huionea raha yule anayetunza mafaili: majina yakianza na tarehe ya namna hiyo, kompyuta ikiyapanga kwa mfuatano wa herufi yanajipanga pia kwa mfuatano wa siku. Pasipoti yako inatumia mpangilio huohuo pale inaposomwa na mashine. Tazama mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha; aliyezaliwa tarehe 8 Julai 1990 ataiona siku yake kama 900708.

Kwa mafaili na majedwali, sina mtindo mwingine wa kupendekeza. Kwa mama mzee anayetumiwa meseji ya kurudi kliniki, sikubaliani na wanaotaka mtindo wa ISO utumike kila mahali. 2026-07-08 haitampoteza, lakini itamsimamisha. Ataipa mjukuu amsomee. Mtu ataandikwa miadi kwa lugha anayoisema, na mwezi utajwe kwa jina: Jumatano, 8 Julai 2026. Ukimwandikia Mmarekani kwa Kiingereza na kutaja mwezi kwa jina, haijalishi umetanguliza siku au mwezi. Ataelewa. Herufi chache za jina la mwezi zinamaliza kazi ambayo hakuna tarakimu, nukta wala mkwaju unaoweza kuimaliza. Wapo wanaodhani nukta, kama 07.08.2026, ni ishara kwamba siku imetangulia, kwa kuwa Wajerumani na majirani zao huandika hivyo. Ni kidokezo tu. Mmarekani naye anaweza kuweka nukta kwa sababu anaipenda nukta.

Kwa mdomo, hasa kwenye simu yenye mtandao mbaya, majina nayo yana mtego mdogo: Juni na Julai husikika karibu sawa. Hapo mazoea yetu ya kusema "mwezi wa saba" ni bora kuliko jina. Taja yote mawili, "Julai, mwezi wa saba", haigharimu kitu.

Siku ya juma nimeiweka katika mfano kwa makusudi. Inafanya kazi ya shahidi. Kama barua ya mwalimu ingesema Jumatano 07/08/2026, angefungua kalenda, angekuta tarehe 7 Agosti ni Ijumaa, na angejua kuna kitu hakikai sawa. Mashaka yangemfanya aulize. Ofisi nyingi zinazojali huandika siku ya juma, na kadi za harusi karibu zote huiandika, na kwa sehemu kubwa ya tarehe zenye utata shahidi huyu hutosha kabisa.

Lakini kuna mahali shahidi huyu hulala. Chukua kadi ya harusi ya Dar es Salaam inayosema Jumamosi, 5/9/2026. Anapigwa picha, anatumwa kwa WhatsApp mwezi Februari kwa mpwa aliyezaliwa na kukulia Minnesota. Mpwa anasoma Mei 9. Kwa kuwa ni kijana makini anafungua kalenda: Mei 9, 2026 ni siku gani? Jumamosi. Ananunua tiketi. Harusi ni Septemba 5, ambayo nayo ni Jumamosi.

Wala hii haikuwa bahati mbaya ya mwaka 2026. Kutoka Mei 9 hadi Septemba 5 ni siku 119, yaani wiki 17 kamili, na idadi hiyo haibadiliki mwaka wowote ule. Kwa hiyo 5/9 na 9/5 zitaangukia siku moja ya juma milele. Ndivyo zilivyo 7/11 na 11/7, na ndivyo zilivyo 3/12 na 12/3. Katika mwaka usio mrefu, ule wa Februari ya siku 28, huongezeka jozi nyingine tatu: 1/7 na 7/1, 1/11 na 11/1, 2/8 na 8/2. Kati ya jozi 66 zenye utata, sita zinampita shahidi bila kuonekana. Mwaka 2026 ni mmoja wa miaka hiyo. Anayepanga harusi, mahafali au upasuaji katika siku hizo ajue kwamba kuandika "Jumamosi" mbele ya tarakimu hakumlindi mgeni wake, na hana budi kuandika jina la mwezi.

Upande wa anayepokea, kinga kubwa iko kwenye namna ya kuuliza. Watu wengi wakipata shaka huandika hivi: "Naomba kuthibitisha kwamba miadi yangu ni 07/08/2026." Karani wa Pennsylvania anaona tarakimu zilezile alizozituma, anajibu ndiyo, na pande zote mbili zinaondoka na uhakika mpya juu ya siku mbili tofauti. Uthibitisho wa kurudia tarakimu haujathibitisha chochote. Andika unavyoelewa wewe, kwa maneno: "Nitakuwa tayari Ijumaa, tarehe 7 Agosti 2026." Kama umekosea, yeye ataona kosa mara moja, na atakurekebisha.

Katika sentensi hiyohiyo malizia na saa. Barua ya mwalimu ilisema 9:00 AM bila kusema ya wapi. Pennsylvania mwezi Julai iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba, kwa hiyo saa tatu ya asubuhi yao ni saa kumi ya jioni yetu. "Saa kumi jioni, yaani 16:00, saa za Afrika Mashariki" ni maneno machache, na yanaziba pia ufa mwingine tunaoujua wenyewe: mtoto aliyekulia ughaibuni akiandikiwa na shangazi "njoo saa tatu" atafika mchana, saa tisa.

Palipo na uwezekano, omba mwaliko wa kalenda, ile barua pepe yenye kitufe cha kukubali. Ndani yake tarehe hubebwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, pamoja na saa ya dunia. Usaili wa mwalimu ungekuwa hivi:

```
DTSTART:20260708T130000Z
```

Z hiyo ya mwisho inasema saa 13:00 ni ile ya dunia isiyo ya nchi yoyote, na simu ya Morogoro ingeigeuza yenyewe kuwa 16:00, Jumatano, Julai 8. Kinga hii ina mpaka wake: mwaliko uwe umetengenezwa sawasawa. Karani akiuandika kwa kunakili tarehe kutoka safu iliyoharibika ya Excel, simu yako itakukumbusha kwa uaminifu kabisa siku isiyo yenyewe.

Sasa niseme na wenye ofisi. Mzigo wa jambo hili kwa kiasi kikubwa ni wenu. Mgonjwa, msailiwa au mzazi hawezi kujua kompyuta yenu imewekwa mipangilio gani, na hapaswi kufanya upelelezi wa mistari midogo ya barua ili afike kwa wakati. Kila ofisi inayotuma ujumbe wa miadi ina mahali ujumbe huo ulipoandikwa mara moja na kuachwa ujirudie wenyewe: kiolezo cha meseji, kiolezo cha barua pepe, au mhuri kwenye kadi. Kaeni na anayetunza mfumo wenu, mtafute pale panapochapa tarehe, mpabadilishe patoe siku ya juma na jina la mwezi. Kisha mjaribu kwa miadi ya tarehe iliyo chini ya 13, tuseme 9 Juni au 2 Julai, kwa sababu jaribio la tarehe 25 litafaulu hata kama mfumo ni mbovu. Na wale ambao kadi zenu zina visanduku vitupu vya tarehe, toleo lijalo la kadi liandikwe chini ya kila kisanduku: siku, mwezi, mwaka.